Anaendana au anaongeza? Mwongozo kamili wa kusaili bila kuajiri nakala zenu

Nikiwaeleza wenzangu wa ofisi za rasilimali watu tofauti ya mtu anayeendana na utamaduni wa ofisi na mtu anayeiongezea ofisi kitu, wote wanaitikia kwa kichwa. Baada ya wiki tatu wananiambia wameshaajiri, tena wamepata kijana "anayejielewa". Nikimwangalia huyo kijana: chuo kile kile, umri ule ule, utani ule ule, na jina lake lililetwa na mfanyakazi ambaye yupo tayari.

Kwa hiyo leo sielezi maana tena. Nitaenda hatua kwa hatua, na nitatumia usaili mmoja niliousimamia mwenyewe: nafasi ya afisa mikopo katika tawi la taasisi ya mikopo midogo mkoani Morogoro. Tawi lilikuwa na maafisa tisa. Saba walitoka chuo kimoja, na hakuna aliyezidi miaka 31. Kazi yao ilikuwa mikopo ya vikundi yenye marejesho ya kila wiki, na mwaka huo vikundi vya wakulima wa mpunga viliwashinda kabisa.

## Andaa hivi kwanza

- Daftari la malalamiko na mikopo iliyochelewa ya miezi 12 iliyopita.
- Orodha ya wafanyakazi wa kitengo, na mbele ya kila jina, kazi alizowahi kufanya kabla ya kuja kwenu.
- Maoni ya wajumbe kutoka usaili uliopita, kama mliyaandika. Kama hamkuandika, tatizo la kwanza ndilo hilo.
- Wajumbe watatu wa jopo, mmoja awe nje ya kitengo. Mhasibu wa tawi jingine anafaa, rafiki wa meneja hafai.
- Fomu ya alama kwa kila mjumbe kwa kila msailiwa, kwenye karatasi. Karatasi haionyeshi mwenzako ameandika nini.
- Nusu siku ya hatua ya kwanza na ya pili, kabla hamjaandika tangazo. Mkianza na tangazo, mtajikuta mmenakili la mwaka jana.

## Hatua ya 1: Pasua neno "utamaduni" katika mafungu matatu

Waulize wajumbe, "Mtu anayeendana na sisi yukoje?" Andika kila jibu kwenye kipande chake cha karatasi. Morogoro nilipata kumi na nne. Kati yake yalikuwepo mchangamfu, mkweli, anayejituma, anayeongea vizuri, asiye na makuu, anayeweza kukaa na sisi Ijumaa, anayejua kompyuta, na mwenye heshima kwa wateja.

Sasa chukua kipande kimoja kimoja na uulize swali hili: *mtu akikosa hiki, nani ataumia, na kwa namna gani?* Jibu ndilo linaloonyesha fungu.

Misingi. Akikosa, mteja au fedha itaumia. Afisa akificha kwamba kikundi kimeshindwa kulipa, tawi linajua miezi miwili baadaye wakati deni limeshavimba. Hapa hamna mjadala, kila anayeingia lazima awe nacho.

Namna ya kazi. Akikosa, ataumia yeye kwa wiki chache, kisha atajifunza. Kutumia mfumo wenu wa kompyuta, kujaza fomu zenu, kujua nani anasaini nini, vyote viko hapa. Vinafundishika, kwa hiyo visimkoseshe mtu kazi.

Mazoea. Akikosa, haumii mtu. Mtakosa tu mtu wa kucheka naye. Nyama choma ya Ijumaa, ubishi wa Simba na Yanga, namna ya kuvaa, lafudhi. Fungu hili ndilo linalozalisha nakala, kwa sababu kwenye usaili linajifanya msingi.

Kipande cha "mchangamfu" kilitupotezea karibu saa nzima. Meneja alisema afisa mikopo asiye mchangamfu hapati wateja. Nikamwomba anitajie afisa wake mwenye marejesho mazuri kuliko wote. Akanyamaza, kisha akacheka, maana alikuwa yule binti mkimya ambaye vikundi vyake vilikuwa havijachelewa tangu Januari. "Mchangamfu" kikaenda kwenye mazoea.

Mwishowe tulibaki na misingi mitatu, kila mmoja umeandikwa kama kitendo kinachoonekana:

1. Anatoa habari mbaya ya fedha mapema, bila kuulizwa.
2. Anamdai mteja bila kumdhalilisha.
3. Anaandika kumbukumbu siku ile ile.

*Tahadhari:* misingi ikizidi minne, mmeanza kuingiza mazoea kwa mlango wa nyuma. Rudini kwenye swali la nani anaumia.

*Utajua umefaulu* kama mjumbe wa nje ya kitengo akisoma misingi yenu anaweza kusema ataionaje kwa macho. "Mkweli" haonekani. "Anatoa habari mbaya mapema" inaonekana.

## Hatua ya 2: Tafuta pengo, moja au mawili tu

Kuongeza ni kujaza pengo linalojulikana. Usipolitaja pengo kabla ya usaili, kila msailiwa mtakayempenda mtamwona "anaongeza", hata kama anachoongeza ni gitaa.

Fungua daftari la malalamiko. Sisi tuliona mambo mawili.

La kwanza ni mikopo ya wakulima wa mpunga wa mvua. Ilikuwa inaharibika kuanzia Februari hadi Aprili, mwaka hadi mwaka. Maafisa waliandika "wateja wakaidi". Katika wote tisa, hakuna aliyewahi kulima kwa biashara wala kufanya kazi na ushirika wa wakulima. Walikuwa wanadai marejesho ya kila wiki kwa mtu ambaye hela yake yote iko shambani ikisubiri mavuno.

La pili lilijificha kwenye kumbukumbu za kamati ya mikopo: maombi 40 mfululizo yalipita bila mjumbe hata mmoja kuuliza swali. Meneja alikuwa akijivunia umoja huo. Mimi niliona watu wanaofanana kiasi kwamba mmoja akikosea, wote wamekosea.

Basi mapengo yetu yakawa: *anajua mzunguko wa fedha wa mkulima*, na *anaweza kupinga kwenye kikao kwa hoja*.

*Tahadhari, na hii ni ya kisheria.* Pengo ni ujuzi, uzoefu au namna ya kufikiri. Usiandike "tunataka mwanamke", "tunataka mtu wa kabila fulani" au "tunataka mtu mzima". Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ya Tanzania kinakataza ubaguzi kwa misingi ya kabila, dini, jinsia, umri, ulemavu na mingine, na kinamhesabu mwombaji kazi sawa na mfanyakazi. Kenya, kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamlinda mwombaji vile vile. Kama watu wa aina fulani hawaonekani kabisa kwenu, tibu hilo mnapotafuta waombaji. Usilitibu kwa kumpa mtu alama za jinsi alivyozaliwa.

## Hatua ya 3: Badili mahali unapovua

Hatua hii ni fupi. Tangazo likitumwa kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi, litawafikia rafiki zao, na rafiki zao ni wao wenyewe. Sisi tulilibandika kwenye ofisi za vyama vya ushirika, kwenye mbao za matangazo za kata, na tukaomba maafisa ugani walitaje.

Kisha tukafuta maneno. "Kijana mchangamfu, umri usiozidi miaka 30" likatoka lote. "Shahada ya biashara" ikawa "shahada, stashahada, au miaka mitano ya kusimamia fedha za kikundi au ushirika". Mistari miwili tu, na bahasha zilizoingia zilikuwa tofauti kabisa na za mwaka uliotangulia.

*Utajua umefaulu* kama angalau theluthi ya walioitwa kwenye usaili hawajulikani na mtu yeyote ofisini.

## Hatua ya 4: Andika maswali pamoja na majibu yake

Kila msingi uwe na swali moja la tukio lililopita. Kila pengo liwe na kazi ndogo ya kufanya palepale. Wote waulizwe maswali yale yale, kwa mpangilio ule ule.

Usiulize "Je, wewe ni mkweli?" Hata mwizi atasema ndiyo. Uliza: "Tueleze mara ya mwisho ulipogundua fedha haziko sawa. Uligundua lini, ulimwambia nani, na zilipita siku ngapi katikati?" Swali hilo la siku ndilo linalofanya kazi. Anayetunga hadithi hana siku.

Kwa pengo la kwanza tuliwapa karatasi yenye kisa: kikundi cha wakulima watano wa mpunga wa mvua, Bonde la Kilombero, wamekopa Desemba, wamelipa vizuri wiki sita, kisha Februari wakaanza kukwama. Swali: "Kuna nini, na ungefanya nini?"

Jambo ambalo watu wengi huliruka ni kuandika mapema jibu la alama 1, la 3 na la 5. Kwa kisa hicho tuliandika hivi:

- 1: anasema wakopaji ni wakaidi, apeleke barua au aite wadhamini.
- 3: anahisi kuna jambo la msimu, anashauri kuwaongezea muda, lakini hasemi mpaka lini.
- 5: anajua kwamba wakati huo mkulima anatoa hela ya palizi na haingizi kitu, anataja mavuno yanaanza lini, na anapendekeza ratiba inayofuata mavuno.

Bila majibu haya, mjumbe atampa alama 5 msailiwa aliyejibu kama yeye mwenyewe angejibu. Na mjumbe mwenyewe, kumbuka, hajui mpunga.

Kwa pengo la pili tuliwapa ombi la mkopo lenye kasoro, tukawaambia kamati inaelekea kulipitisha. Tulitaka kuona nani ataigusa kasoro, na ataigusa kwa lugha gani.

## Hatua ya 5: Siku ya usaili, ziba mianya ya undugu

Usaili wetu unaharibikia kwenye salamu. "Unatokea wapi? Eeh, nyumbani kabisa! Unamjua mwalimu fulani?" Dakika tatu zimepita na jopo limeshampenda mtu. Siwezi kuwaambia Waswahili waache kusalimiana, na sitaki. Lakini salamu ndefu, chai na habari za safari zifanywe na mtu wa mapokezi ambaye hatoi alama. Ndani ya chumba jopo liitikie salamu, liwakaribishe kiti, na lianze swali la kwanza.

Hili si letu peke yetu. Mwaka 2012 mwanasosholojia wa Marekani Lauren Rivera alichapisha utafiti uliotokana na mahojiano 120 na watu wanaoajiri katika kampuni kubwa za sheria, za ushauri na benki za uwekezaji. Alikuta kwamba kufanana na msailiwa katika mambo wanayopenda, walikotoka na namna ya kujiweka mara nyingi kulikuwa na uzito kuliko uwezo wa kazi. Wao huulizana michezo na safari, sisi huulizana kijiji.

Kila mjumbe aandike alama zake *kabla msailiwa anayefuata hajaingia*, na kabla wajumbe hawajasemezana neno. Pembeni ya kila alama aandike maneno ya msailiwa yaliyomfanya aitoe. Alama isiyo na maneno pembeni haihesabiwi.

*Dalili ya hatari:* wajumbe wakitazamana na kutabasamu msailiwa anapotoka. Kikao kimeshafanyika kwa macho. Sitisha, fomu zijazwe kwanza.

## Hatua ya 6: Kikao cha jopo

Kanuni ni moja, na mpangilio wake usivunjwe: misingi ni lango, nyongeza ni mizani. Kwanza angalia misingi. Aliyepata chini ya 3 kwenye msingi wowote anatoka, hata kama anajaza pengo vizuri kiasi gani. Waliopita lango ndio mnaowapima kwa mapengo. Msijumlishe alama zote pamoja, maana mkijumlisha, mtu mwenye 5 za kila kitu atafunika 1 ya ukweli wa fedha.

Hivi ndivyo ilivyokuwa Morogoro. Walibaki wawili. Mmoja alikuwa kijana wa miaka 27, ametoka chuo kile kile, anaongea vizuri. Mwingine alikuwa mama wa miaka 46, aliyekuwa katibu wa chama cha ushirika cha wakulima kwa miaka minane. Kabla ya kufungua fomu, mjumbe mmoja alishasema, "Yule kijana ni mwenzetu kabisa." Wa pili akaongeza, "Mama mzuri, ila simwoni akikaa na hawa vijana."

Sentensi ya namna hiyo ndiyo ya kukamata. Usiibishie, wala usimwaibishe aliyeisema. Uliza tu, "Hiyo iko mstari gani kwenye fomu?" Ikipata mstari, ijadiliwe. Isipopata, ni mazoea, iandikwe pembeni na ifungwe. Ya huyu mama haikuwa na mstari.

Tukafungua fomu. Kwenye misingi kijana alikuwa na wastani wa 4, 4 na 3. Mama alikuwa na 5 na 4, lakini kwenye kumbukumbu wajumbe wakagawanyika: wawili walimpa 4, mmoja akampa 1. Nikaomba asome maneno aliyoandika pembeni. Yalikuwa: "Hajui mfumo, anatumia madaftari."

Hapo tukarudi hatua ya kwanza. Msingi wetu ulikuwa kuandika siku ile ile, na mama alikuwa amekuja na daftari la ushirika ambalo kila ukurasa ulikuwa na tarehe, jina, kilo, na saini au dole gumba. Kutojua mfumo ni namna ya kazi. Mjumbe akaliangalia tena lile daftari, akafuta 1, akaandika 4 na sababu yake.

Kisha mapengo. Kwenye kisa cha wakulima kijana alipata 1 kwa wajumbe wote, alitaka wadhamini waitwe. Mama alisoma karatasi, akaiweka chini, akasema, "Mwezi wa pili mkulima wa mvua unamdai nini? Hela imelala shambani, anapalilia. Njoo mwezi wa sita." Akaongeza jambo ambalo hata fomu yetu haikuwa nalo: wakati wa mavuno bei huwa chini, kwa hiyo ukimbana alipe siku anayovuna, unamlazimisha auze kwa hasara, na msimu ujao hatakopa kwako. Alipata 5. Kwenye ombi lenye kasoro alipata 4. Aliikuta kasoro, akaitaja kwa upole, na hakurudi nyuma mjumbe alipombishia. Kijana aliikuta pia, lakini alipobanwa kidogo akasema, "Kama kamati imeona sawa, ni sawa." Akapata 2.

Kijana hakuwa mbaya. Kwenye tawi lililojaa makatibu wa ushirika wa umri ule, na ambalo linahangaika na mfumo wa kompyuta, yeye ndiye angekuwa nyongeza.

*Tahadhari mbili.* Kwanza, hisia za mjumbe zisitupwe moja kwa moja. "Kuna kitu hakijakaa sawa" wakati mwingine inatokana na jibu lililopishana na jingine, kwa hiyo mpe mjumbe dakika tano alitafute kwenye maandishi yake. Pili, msimsamehe mtu mjeuri kwa kusema "analeta mawazo mapya". Anayemdhalilisha mdaiwa ameanguka kwenye msingi wa pili, na habari zake zimeishia langoni.

## Hatua ya 7: Siku 90 za kwanza, msimkaushe

Ofisi nyingi zinafika hapa zikiwa zimechoka, na hapa ndipo nyongeza inapopotea. Mtu mmoja kati ya kumi atafuata mkondo wa wale tisa, ni jambo la kawaida. Mkimwacha, baada ya miezi mitatu atakuwa anadai wakulima Februari kama wenzake, tena kwa bidii, ili aonekane ameiva.

Fanyeni mambo matatu. Mpeni eneo la pengo kwa maandishi: mama alipewa vikundi vyote vya mpunga, na ruhusa ya kupendekeza ratiba ya marejesho. Namna ya kazi ifundishwe kwa ratiba. Binti mkimya alikaa naye kwenye mfumo saa moja kila asubuhi kwa wiki tatu. Na maamuzi ya kazi yaondolewe kwenye mazoea. Tuligundua kwamba nani apewe kikundi kipya ilikuwa ikiamuliwa kwenye nyama choma ya Ijumaa, saa ambayo yeye alikuwa ameshapanda daladala kwenda kwake. Nyama iliendelea, ugawaji ukahamia Jumatatu asubuhi ofisini.

*Utajua umefaulu* kama ifikapo siku ya 90 unaweza kuonyesha kwa kidole utaratibu mmoja uliobadilika kwa sababu yake. Kwetu ilikuwa ratiba ya mpunga: kiasi kidogo kwa mwezi tangu Desemba, na sehemu kubwa baada ya mavuno.

*Umeshindwa* kama kila mtu anakwambia "amezoea vizuri, hana shida na mtu" na hakuna karatasi hata moja iliyobadilika. Hapo usimlaumu yeye. Fungua kumbukumbu za vikao na uhesabu alipinga mara ngapi, na mara ngapi hoja yake iliandikwa. Kwa mama yetu, mwezi wa kwanza alipinga mara tatu na kumbukumbu zilikuwa na moja tu. Tulimbadilisha mwandishi wa kikao.